Uulize kwanza, au upange slaidi kwanza?

Mteja wa Dodoma anayeuza zabibu kavu anataka umtengenezee slaidi za tangazo; amekutumia voisi noti ndefu, picha za shamba la Hombolo na ujumbe, "weka na bei".

Ukimrushia maswali kwanza, atajibu "wewe tu, ipendeze", maana bado haoni kinachokosekana. Napendelea kupanga slaidi kwanza: ya 1 shida ya mnunuzi, ya 2 hadi 5 hoja mojamoja kwa maneno ya mteja, ya 6 namna ya kuagiza. Pasipo na jibu naandika PENGO, kisha nauliza hapo hapo: bei ni ya kilo au pakiti? Mnatuma mikoani? Mnunuzi apige simu au aje dukani?

Kuuliza kwanza kunafaa usipojua anamuuzia nani, mama wa nyumbani au mwoka keki. Bila hilo slaidi ya 1 haiandikiki.