Boksi la Kufumbua Methali: Herufi za Zawadi Haziendani na Kiswahili

Ndugu watazamaji, karibuni. Leo mezani nina boksi la mchezo wa kufumbua semi. Nimelinunua hapa Kampala, kwenye duka la vifaa vya shule, na tumelicheza nyumbani na majirani mpaka kadi zimeanza kulegea pembeni. Ndani mna kibao chenye mifereji, vigae vidogo vya mbao vyenye herufi, na kadi za mafungu mawili: methali na majina ya mahali. Kiongozi wa mchezo anachagua kadi, anapanga vigae kifudifudi, na ninyi mnaomba herufi moja moja. Herufi ikiwamo, vigae vyake vyote vinageuzwa. Konsonanti inakupa pointi kwa kila kigae kilichogeuka, lakini irabu unainunua kwa pointi zako.

Vigae ni vizuri. Sogezeni macho muone: herufi imechongwa, haikupakwa rangi juu juu, kwa hiyo haifutiki. Kibao nacho kinasimama imara. Hapo sina neno.

Tatizo liko kwenye karatasi ya maelekezo. Inasema kila mchezo uanze kwa herufi sita za zawadi: R, S, T, L, N na E. Herufi hizo zimetoka kwenye shindano la gurudumu la bahati la televisheni ya Marekani, ambako tangu 1988 mshindani wa raundi ya mwisho anapewa hizo hizo bure. Kwa Kiingereza zina maana, kwa sababu E ndiyo herufi inayotumika zaidi katika lugha hiyo, na T inafuata. Kiswahili hakiendi hivyo. Kwetu A ndiyo inayoongoza, tena kwa mbali, na I na U ziko juu. Katika konsonanti, mimi naanza na K, N, M na W.

Tuchukue kadi hii ya methali. Nitawaonyesha kwanza kibao kikiwa na zawadi za karatasi:

```
_S__ES____  L_  ____  ____N____  ___
```

Vigae ni 28, vilivyofunguka ni vitano. R na T hazimo kabisa. Mtu akikaa hapa atakaa sana. Sasa tuvifunike vyote, tuanze upya kwa njia ya Kiswahili. Nanunua A:

```
A________A  _A  ____  ________A  ___
```

Kabla ya kuomba kitu kingine, tazameni lile neno la herufi mbili, maana neno fupi ndilo linalobeba sarufi ya msemo. Likiishia na A, orodha yake ni fupi mno: NA, YA, WA, LA, ZA, na mara chache PA. Msikimbilie NA kwa sababu tu mmeizoea. Liacheni wazi, maneno ya jirani yatawaambia.

Tazameni pia pale ambapo A haipo. Neno la Kiswahili karibu kila mara linaishia na irabu. Maneno mawili hapo, la vigae vinne na la vigae vitatu, hayana A hata moja, kwa hiyo mwisho wake ni E, I, O au U. Kigae ambacho hakijageuka nacho ni habari.

Sasa nanunua I. Inatoka minne: mitatu kwenye neno la kwanza, mmoja kwenye neno refu la nne. Neno la kwanza sasa linasomeka A_I___I_IA. Katika methali, neno refu linaloanza A_I mara nyingi ni ASIYE au ALIYE. Tofauti ni herufi ya pili tu, basi naomba S, na sitoi pointi bali napata. S inageuka mara mbili, zote neno la kwanza: ASI__SI_IA. Kisha K:

```
ASI__SIKIA  _A  _K__  ______IKA  ___
```

K imegeuka mara tatu, na kila moja imefanya kazi. Ya kwanza imekamilisha SIKIA. Ya tatu imetoa IKA mwishoni, yaani kitenzi cha kuvunjika, kumwagika, kuharibika. Na ile ya katikati iko nafasi ya pili baada ya kigae kilichofungwa. Kiswahili hakipendi konsonanti mbili zifuatane, isipokuwa katika mifumo michache inayojulikana: M mwanzoni, N kabla ya D, G, J au Z, na jozi kama SH, CH, NY, MB. Kabla ya K mwanzoni mwa neno, konsonanti inayowezekana ni M. Basi ni MK, na vigae viwili vya mwisho havina A wala I. Neno la tano lina vigae vitatu, nalo halina A wala I. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu! Vigae 15 bado vimefunikwa, na U hatujainunua.

Na lile neno la herufi mbili? Ni LA kwa sababu ni neno la mkuu, hata kama neno lenyewe halikutajwa.

Kosa ninaloliona kila tukicheza linatokea papo hapo kwenye ASIYE. Mtu anaropoka "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu" kabla hajahesabu. Asiyefunzwa ina herufi 11, na hapa kuna vigae kumi. Tena mamaye ina A mbili, na neno letu la tatu halina hata moja. Hesabuni visanduku kwanza, mdomo baadaye. Na neno refu lililo baada ya katikati, mkiona kigae cha pili ni U, jaribuni HU: methali zinasimulia mambo ya kila siku, kwa hiyo hu- imejaa humo.

Fungu la pili, majina ya mahali, lina shida yake, na hapa sisi wa Uganda lazima tuwe macho. Kanuni niliyowapa juu inavunjika. Kiswahili huwa hakirudii konsonanti moja mara mbili, ukiacha maneno kama mmoja, mmea na nne. Mkiona vigae viwili pacha, kwa kawaida ni irabu, kama UU ya mkuu. Lakini Luganda inarudia konsonanti bila shida, na kadi zina Entebbe na visiwa vya Ssese. Fort Portal nayo haiishii na irabu kabisa. Kwenye fungu hili VYA, ZA na WA bado zinasaidia, lakini jina lenyewe lifumbueni kwa masikio ya Luganda, au ya lugha ya huko lilikotoka.

Jambo moja jingine la kukagua dukani kabla ya kulipa: kigae cha alama ya ritifaa. Boksi langu halina. Kadi yenye ng'ombe inapangwa kama ngombe, na hilo ni kosa la tahajia. Tena linaharibu mchezo, kwa sababu ritifaa ikionekana wazi kwenye kibao, mchezaji mzoefu anajua mara moja kwamba N na G zimetangulia. Sisi tumekata kipande cha katoni na kuchora alama.

Je, mnunue? Kama mna watoto wanaojifunza Kiswahili shuleni, nunueni. Karatasi ya maelekezo iwekeni pembeni, na badala ya zile sita toeni zawadi ya K, M na N tu. Irabu zote wachezaji wanunue wenyewe, maana mkiwapa A bure, "Haba na haba hujaza kibaba" itafumbuliwa kabla chai haijamiminwa.