Aliniambia RAM nitaongeza baadaye

Bado nina hasira, mnisamehe. Nilienda Kariakoo na hela ya laptopu moja tu, ya kuhariria video za harusi. Mezani zilikuwepo mbili za bei inayokaribiana: Core i7 mpya yenye RAM ya GB 8, na Core i5 ya zamani kidogo yenye GB 16. Muuzaji akanisogezea i7. "Dada, prosesa haibadilishwi. RAM utaongeza hata mwakani." Nikalipa.

Kazi ya kwanza ikawa sendofu iliyopigwa na kamera tatu, zote 4K. Nilipozipanga zicheze pamoja, mashine ikaganda. Nasogeza kidogo, inaganda tena. Usiku mzima nikakata dakika nne! Nikafungua Task Manager: CPU haifiki 40%, Memory 96%, Disk 100%. Yaani prosesa niliyoilipia imekaa inasubiri, maana RAM imejaa na Windows inahamishia vitu kwenye diski kisha inavirudisha, na diski hata iwe SSD haifikii kasi ya RAM.

Basi niongeze. Fundi akafungua: RAM imechomelewa kwenye mazabodi, nafasi ya ziada hakuna.

Nikarudi dukani. Yule kaka hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Mashine ni nzima, dada. Labda hujui kuitumia." Mbele ya wateja! Angeweza kunionyesha kabla sijalipa: Task Manager, Performance, Memory, pale kwenye Form factor. Ukikuta SODIMM, kwa kawaida RAM inachomoka. Ukikuta Row of chips, mara nyingi ndiyo hiyo ya kuchomelewa. Nusu dakika tu, akanyamaza.

Shoga yangu ndiye aliyeinunua ile i5 ya GB 16, akaniazima. Sendofu ileile ikapita bila kuganda. Kutoa video nzima mwishoni kulichukua muda zaidi, lakini saa hizo mimi nimelala. Nikaapa: RAM kwanza, prosesa baadaye.

Kiapo chenyewe hakikudumu. Juzijuzi nililetewa video ya H.265, 10-bit 4:2:2. Kamera moja tu, lakini i5 ikakwama: Memory 60%, CPU 100%. Kwenye i7 yangu ikateleza. Prosesa nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 11 zina sehemu maalumu ya kufungua video ya aina hiyo. Ile i5 haina, inahangaika kwa nguvu zake zote, na GB 16 haziisaidii kitu.

Kwa hiyo siwezi tena kuitukana i7 yangu. Muuzaji, huyo sijamsamehe. Siku hizi kabla ya kukata natengeneza nakala nyepesi za 1080p, nafanyia kazi hizo. Kamera mbili zinakwenda vizuri. Nikiweka ya tatu, inaganda.