VPN na tovuti za kamari za ng'ambo: uzoefu wangu hapa Nairobi

Nianze na VPN yenyewe, maana haina makosa mengi. Ukiwa Nairobi ukachagua seva ya Toronto, tovuti iliyokuwa ikikuonyesha ujumbe kwamba nchi yako hairuhusiwi inafunguka, unasajili akaunti, unaweka pesa na kucheza. Kasi inapungua kidogo, na hilo utalihisi zaidi ukibashiri mechi inayoendelea, kwa sababu odi hubadilika kabla dau lako halijakubaliwa. Kwa kazi ya kufungua mlango ningeipa nyota nne kati ya tano. Kwa kazi ya kukuletea pesa ulizoshinda, siipi hata moja.

Wengi hudhani tovuti ikishapokea pesa zao imewakubali. Sivyo. Wakati wa kuweka pesa, tovuti nyingi huangalia anwani ya IP na nchi uliyojiandikia, basi. Uhakiki wa kweli huja unapoomba kutoa. Kwa kampuni zenye leseni za Ulaya, kwa mfano Malta, sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha inalazimisha mteja atambuliwe malipo yanapofika yuro 2,000, na nyingi huuliza mapema zaidi ya hapo. Februari 2024 Kenya iliingizwa kwenye orodha ya kijivu, yaani ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, ya FATF, shirika la kimataifa la kupambana na utakatishaji wa fedha, kisha Juni 2025 Umoja wa Ulaya ukaiweka kwenye orodha yake ya nchi zenye hatari kubwa. Kwa hiyo hata kampuni isiyokuwa na neno na Mkenya ina sababu ya kumchunguza zaidi, au kuiondoa Kenya kabisa ili isijisumbue.

Chukua mfano wa mtu wa mtaa wa Umoja au Kasarani. Anawasha VPN ya Kanada, anajaza kwamba anaishi Kanada, anatia tiki kwenye kisanduku cha masharti, anaweka USDT 150, kripto inayofuata thamani ya dola. Jioni ikimwendea vizuri, salio linafika 2,300. Anaomba kutoa 2,000. Baada ya muda inaingia barua pepe ya kutaka vitu vitatu: kitambulisho au pasipoti, uthibitisho wa makazi usiozidi miezi mitatu, na selfi akiwa ameshika hicho kitambulisho.

Sasa hana njia nzuri. Akituma kitambulisho cha Kenya, nchi hailingani na aliyojiandikia, na rekodi za kuingia zinaonyesha IP za kituo cha data badala ya mtandao wa nyumbani. Akiazima karatasi za binamu aliye Toronto, uso wa selfi haulingani, na hapo ameshaingia kwenye udanganyifu, jambo zito kuliko kuvunja masharti ya mchezo. Asipotuma chochote, akaunti inabaki imefungwa na salio likionekana tu kwenye skrini. Mwisho wa kawaida ni ushindi kufutwa na zile 150 kurudishwa, zikitolewa ada. Kuna tovuti ambazo masharti yao yanaziruhusu kushika hata hizo 150.

Hesabu yake imekaa upande mmoja. Angepoteza 150, hakuna ambaye angemwuliza anaishi wapi. Dau ni halali likiliwa, linakuwa na kasoro likishinda. Mtu anaweza kusema huo ni wizi, na kusema kweli kuna kampuni zinazofurahia mpangilio huu, lakini tiki ile aliyotia ilikuwa tamko kwamba nchi aliyoandika ni ya kweli. Mpatanishi yeyote wa malalamiko ataanzia hapo.

Wapo wanaouza ushauri kwamba ununue VPN ya bei ghali yenye IP inayofanana na ya nyumbani. Huko ni kutibu mguu usiouma. IP ni alama moja tu. Saa ya simu yako iko kwenye majira ya Afrika Mashariki, tarakimu za mwanzo za kadi ya benki zinataja benki na nchi iliyoitoa, na namba ya M-Pesa inajitaja yenyewe. Hata ukificha zote hizo, barua ya kuomba karatasi itakuja vilevile.

Na karatasi zenyewe ni shida kwa mtu wa Nairobi hata asipodanganya. Stima wengi tunanunua kwa tokeni, na mita imeandikwa jina la mwenye nyumba. Taarifa ya benki inaonyesha sanduku la posta, na tovuti nyingi hulikataa kwa sababu zinataka mtaa na nyumba. Ukitaka kucheza popote nje, hata panapokubali Wakenya, hakikisha kwanza una karatasi yenye jina lako na mahali unapolala.

Sasa masharti. Kabla ya kuweka hata shilingi, fungua ukurasa wa `Terms and Conditions` utafute maneno matatu: `Kenya`, `restricted` na `VPN`. Usiyachanganye, kwa sababu kila moja linabeba kifungu chake. Kuna tovuti inayokataza Kenya moja kwa moja. Hapo VPN haikusaidii hata kidogo. Kuna nyingine inayokubali Kenya lakini inakataza VPN, na huyu anayeiwasha kwa ajili ya faragha tu anajitia matatani bure, aizime. Kuna nyingine tena, hasa za kripto, zisizojali VPN lakini zina orodha ya nchi, na watu husoma ruhusa ya VPN wakasahau orodha ya nchi. Ukicheza sloti, angalia pia orodha za watengenezaji wa michezo, kwa sababu mtengenezaji anaweza kuzuia nchi ambayo tovuti yenyewe imeiruhusu.

Kisha waandikie kwa barua pepe. Ukiuliza kwenye gumzo "naweza kucheza nikiwa Kenya?", mhudumu atakujibu ndiyo kwa sababu kwake ukurasa unafunguka. Uliza hivi: "Naishi Kenya na kitambulisho changu ni cha Kenya. Nikishinda, mtanihakiki na kunilipa?" Jibu la kuzungukazunguka lihesabu kuwa hapana.

Angalia na leseni chini ya ukurasa. Curaçao, kisiwa cha Karibi kinachotoa leseni nyingi za kamari ya mtandaoni, kilibadilisha sheria yake Desemba 2024. Leseni za mfumo mpya huanza na `OGL/`, na zile za zamani zilikuwa kama `8048/JAZ`. Tovuti inayojivunia namba ya zamani peke yake haina mtu wa kumjibu. Bonyeza muhuri, ukikupeleka kwenye picha tu badala ya ukurasa wa mamlaka, funga.

Aliyekwama tayari asiendelee kucheza na asitume karatasi ya uongo. Ahifadhi picha za salio, barua pepe zote, na namba za miamala ya kuweka pesa, kisha aombe kwa maandishi arudishiwe alichoweka, akitaja kifungu cha masharti kinachosema hivyo kama kipo. Asipojibiwa, lalamiko liende kwa mamlaka iliyotoa leseni, Malta au Curaçao. Ofisi za hapa hazitamsaidia: Sheria ya Udhibiti wa Kamari ya 2025 inasimamia waliopewa leseni Kenya, na kampuni hiyo haimo. Ombi la kurudishiwa dau lina nafasi. Ombi la kulipwa ushindi, nchi ikiwa imekatazwa kwa jina kwenye masharti, sijaona likipita.