Simu kujibonyeza yenyewe: uzoefu wangu na protekta ya gundi ya pembeni

Simu yangu ina kioo kilichopinda pembeni, na simu za namna hiyo ni ngumu kuzipatia protekta. Niliyouziwa Kariakoo ni ya glasi, ina gundi pembeni tu, katikati imeachwa wazi. Naipa nyota mbili kati ya tano. Hizo mbili ni za ugumu: imekaa mfukoni na funguo na haijapata mchubuko. Nyota tatu nimezinyima kwa sababu ya tachi.

Kwanza herufi za katikati ya kibodi zikawa hazishiki mpaka nibonyeze tena. Baadaye, kwenye joto la mchana, simu ikaanza kujibonyeza: inafungua programu, inaandika herufi ambazo sijazigusa. Kwa mtu anayetuma pesa kwa simu hilo si la kuvumilia. Fundi wa kwanza aliitazama tu akasema tachi imekufa, tubadilishe kioo kizima. Nilikataa hadi tupime.

Kioo cha simu hakipimi nguvu ya kidole. Chini yake kuna nyuzi nyembamba zisizoonekana, zimepangwa kama wavu, na simu hupima badiliko dogo la umeme kidole kinaposogea karibu. Protekta isiyo na gundi katikati huacha nafasi ya hewa, na hewa hudhoofisha badiliko hilo. Ndiyo maana kibodi ilikuwa haishiki. Maji nayo, hasa jasho lenye chumvi, hupitisha umeme, kwa hiyo yakiingia chini ya protekta simu inaweza kuyahesabu kuwa kidole.

Kwa simu ya Android kipimo kizuri tayari kimo ndani yake. Fungua Settings, ingia About phone, gusa Build number mara 7, kisha kwenye Developer options washa Pointer location. (Kwenye baadhi ya simu Build number imewekwa ndani zaidi, itafute.) Kila mguso utachora mstari, na juu utaona herufi P na namba, ya kwanza ni idadi ya vidole ambavyo simu inahisi wakati huo. Iweke mezani, usiiguse. Namba hiyo ya kwanza ikiruka kutoka 0 kwenda 1, hiyo ndiyo migusano hewa, na mistari itakuonyesha inatokea wapi.

Yangu ikiwa kwenye chaji ya bei poa, mistari ilitapakaa kioo kizima. Nilipochomoa waya, mingi ilikoma: chaji duni hupitisha umeme mchafu unaovuruga vipimo vya kioo. Ikabaki michache ukingo wa kushoto, pale pale nilipoona ukungu chini ya glasi. Nikaibandua protekta polepole kwa kadi ya plastiki, nikafuta kwa kitambaa kikavu, nikaiacha ikauke. P ikatulia kwenye 0, na kibodi ikashika kila herufi. Kioo kilikuwa kizima.

Programu ni rahisi kuitenga. Shikilia kitufe cha kuzimia, kisha bonyeza kwa muda Power off mpaka itokee Safe mode. Humo programu ulizopakua mwenyewe hazifanyi kazi, kwa hiyo tatizo likitoweka, mojawapo ya hizo ndiyo chanzo, hasa zile zinazoelea juu ya nyingine.

Simu ya mdogo wangu ilikuwa tofauti kabisa. Alipovuta kidole toka juu hadi chini, mstari ulikatika kwenye ukanda mmoja wenye upana wa kidole. Tukaibandua protekta, tukachomoa chaji, tukaingia Safe mode: ukanda ule ule. Tukailaza simu ili picha igeuke, na sehemu iliyokufa ikabaki pale pale kwenye kioo, haikuifuata picha. Ingekuwa programu, ingehama na picha.

Hapo nikampeleka kwa fundi mwingine, na huyu nampa nyota zote tano. Alipofungua aliangalia kwanza kama betri imevimba, maana betri iliyovimba husukuma kioo kwa nyuma na kuharibu tachi. Ilikuwa sawa. Akachomoa mkanda wa waya wa kioo, akaurudisha vizuri; bado. Ndipo akasema kioo kibadilishwe. Akachomeka kioo kipya kabla ya kukigundisha, akawasha Pointer location, akamwambia mdogo wangu achore mistari kuanzia pembe hadi pembe, simu ikiwa kwenye chaji na ikiwa nje ya chaji. Mistari ilipopita bila kukatika ndipo akapaka gundi. Fundi asiyekubali kupima hivyo kabla ya gundi, mimi simwachii simu.