Risiti za QR na za meseji: uzoefu wangu kama mkandarasi mdogo Kisumu

Nina kampuni ndogo ya ujenzi hapa Kisumu, na kazi yangu nyingi iko upande wa Nyamasaria na Mamboleo. Nanunua simiti, mabati, rangi na misumari karibu kila wiki, kwa hivyo risiti kwangu ni kama koleo: bila hizo kazi inasimama. Zamani zilikuwa za karatasi, na zilijaa kwenye dashibodi ya gari. Karatasi ile haina wino. Imepakwa dawa, na joto ndilo linalochora maandishi, na ndiyo maana ukiiacha juani Kisumu inageuka nyeusi, au maandishi yanafifia hadi unabaki na kipande cheupe kisichomfaa mhasibu. Sheria inataka rekodi za kodi zitunzwe miaka 5. Karatasi ile mwaka mmoja tu ni taabu.

Siku hizi maduka mengi ninayonunua hunitumia risiti kwenye simu. Zinakuja za namna tatu, na watu huzichanganya sana.

Ya kwanza ni meseji ya M-Pesa. Ina msimbo wa herufi na tarakimu 10, kiasi ulicholipa, jina la aliyepokea, tarehe, saa, salio lako na gharama ya muamala. Haisemi ulinunua nini. Inathibitisha kwamba pesa zimetoka kwako, basi. Tena ukimwonyesha keshia skrini, salio lako lote amelisoma. Mimi humsomea ule msimbo, simu inabaki mkononi mwangu.

Ya pili ni meseji ya duka lenyewe: jina la duka, tarehe, jumla, na kiungo cha kubonyeza. Meseji ya kawaida hubeba herufi 160 pekee, kwa hivyo orodha ya bidhaa haiwezi kuingia. Risiti yenyewe iko nyuma ya kiungo, na kiungo kinakaa kwenye mtambo wa mtu mwingine. Nikiipata naifungua siku hiyo hiyo na kuihifadhi kama PDF, maana sina uhakika mwakani kiungo hicho kitakuwa bado kinafunguka.

Ya tatu ndiyo ninayoitaka: risiti ya eTIMS, mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi, KRA, yenye QR chini yake. Tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya aina hii haipunguzwi kwenye mapato yanayotozwa kodi, ukiondoa vitu vichache kama mishahara na ada za benki. Ndiyo maana nimekuwa mkali nayo kaunta.

Chukua mfano mmoja. Mabati 4 kwa shilingi 1,150 kila moja, mifuko 6 ya simiti kwa 800 kila mmoja, na kilo 2 za misumari kwa 200 kila kilo. Jumla 9,800. Juu ya risiti kuna jina la duka na PIN yake ya kodi, kisha PIN ya mnunuzi. Hapo katikati kila bidhaa ina mstari wake: maelezo, idadi, bei, na herufi ndogo ya kodi. B ni VAT ya asilimia 16, A ni bidhaa iliyosamehewa, C ni ya asilimia sifuri, D ni isiyohusika na VAT, na E ni ya asilimia 8. Simiti, mabati na misumari yangu vyote vilikuwa B. Bei za kaunta zina VAT ndani, kwa hivyo huwezi kuchukua 9,800 ukazidisha kwa 16 na kugawa kwa 100. Unazidisha kwa 16 na kugawa kwa 116: inatoka 1,351.72, na bei bila kodi ni 8,448.28. Risiti ikionyesha 1,568, mtu amepiga hesabu kwa mkono, na hapo naanza kuuliza maswali.

Chini kabisa ndipo penye uzito. Kuna kitambulisho cha kifaa kinachoanza na KRA, namba ya ankara, tarehe na saa, sahihi ya kielektroniki (ule mfuatano mrefu wa herufi usioeleweka), halafu QR. Naelekeza kamera kwenye QR, na kabla ya kubonyeza nasoma anwani inayojitokeza kwenye skrini. Inayoniridhisha huanza na `etims.kra.go.ke`, au `itax.kra.go.ke` kwa mashine za awali. Ukurasa ukifunguka, nalinganisha PIN ya muuzaji, tarehe na jumla na vilivyo kwenye risiti. Vikilingana, ankara iko kwa KRA.

Kuna duka moja, jina nalihifadhi, lilinitumia picha ya risiti kwenye WhatsApp, safi kabisa, na QR kubwa chini. Kamera ikanipeleka kwenye ukurasa wao wa matangazo ya rangi. Hakukuwa na kitambulisho cha kifaa wala sahihi. Nilipomuuliza kijana wa kaunta akajibu, "Lakini boss, si iko na QR?" QR ni chombo cha kubebea maandishi tu, hata namba ya tili au menyu ya hoteli inaingia humo. Ilibidi mwenye duka aingie kwenye simu yake na kunitolea ankara halisi. Hata mchuuzi asiye na kompyuta anaweza kuitoa kwa kupiga *222#, kwa hivyo kisingizio cha mashine kuharibika hakifiki mbali kwangu.

Tatizo linalonisumbua zaidi ni PIN ya mnunuzi. Lazima itajwe kabla ankara haijatumwa. PIN ni herufi moja, tarakimu 9, na herufi nyingine mwishoni. Ya kampuni huanza na P na ya mtu binafsi huanza na A. Keshia akiruka hiyo sehemu, risiti ni halali lakini haikutaji wewe, na mhasibu wangu huirudisha. PIN haiongezwi kwa kalamu. Duka linalazimika kutoa hati ya kufuta ile ankara kisha kutoa mpya, na saa ya foleni ya Ijumaa jioni hakuna keshia anayefurahia jambo hilo. Nimeandika PIN ya kampuni kwenye kadi, namkabidhi pamoja na oda, namwangalia akiingiza.

Mtandao ukipotea, mara nyingine risiti inatoka lakini ukurasa wa KRA hauonyeshi kitu. Mfumo wa duka umeihifadhi, bado haujaituma. Huwa narudi kuiskani kesho yake. Ikiendelea kukosekana, napigia duka simu nikiwa na namba ya ankara mkononi.

Kwa mafundi wangu wenye kabambe, QR haisaidii. Wakitumwa dukani bila mimi, wanaambiwa wadai karatasi, wanipigie picha kwa simu ya keshia na kunitumia. Namba ya ankara ikisomeka kwenye picha, naiingiza mwenyewe kwenye tovuti ya KRA jioni. Picha iliyotikisika ndiyo inanirudisha dukani.