Unga, maji au vidonge: sabuni ipi iingie kwenye mashine yako?

Haya wapendwa, karibuni tena. Kabla sijasema lolote, angalieni hii fulana. Sogea, sogea karibu na kamera. Unaona hili doa linalong'aa hapa kifuani, kama konokono kapita? Hiyo ni fulana iliyotoka kwenye mashine sasa hivi, imefuliwa, imesuuzwa, imekamuliwa. Na hilo siyo doa la uchafu. Ni sabuni. Ni kidonge cha kufulia, kile kizuri chenye rangi mbili tatu kama peremende, kimegeuka gundi juu ya nguo yangu.

Kwa hiyo leo nimekasirika kidogo, mnivumilie. Na kama sauti leo mnaisikia vizuri, ni maikrofoni mpya, asanteni mliochangia.

Sitawaeleza sabuni ya unga ni nini, mnaijua. Ya maji mnaijua. Kidonge ni sabuni ya maji iliyokolezwa sana, ikafungwa kwenye ngozi nyembamba inayoyeyuka majini. Hiyo ngozi ndiyo nataka tuishughulikie, maana watu wote wanaosifia vidonge huko kwenye chaneli nyingine wanakuonyesha kidonge kikiyeyuka kwenye glasi, halafu wanapiga makofi. Sawa, tufanye na sisi.

Glasi tatu hizi, maji ya bomba, nimeyapima na kipimajoto, nyuzi 20. Kijiko cha unga hapa. Sabuni ya maji hapa. Kidonge hapa, na mkono mkavu tafadhali, ukishika na mkono mbichi kinakung'ang'ania. Koroga. Ya maji imeshapotea, sekunde chache tu. Unga umefanya maji meupe, lakini tazama chini ya glasi: mchanga. Dakika ya pili hii na mchanga bado upo. Kidonge je? Ngozi inajikunja... inalegea... imepasuka, na sabuni inashuka chini nzito kama asali. Vizuri kabisa. Makofi.

Sasa subiri. Nguo zako hufui kwenye glasi. Nachukua taulo hili dogo, nalilowesha, nalikamua mpaka limebaki na unyevunyevu tu. Naweka kidonge katikati, nakunja mara mbili, nakandamiza na kiganja. Hivi ndivyo kidonge kinavyokaa ukikirusha juu ya nguo halafu ukashindilia mashine mpaka mlango unafunga kwa goti. Tunasubiri dakika tano. Wakati tunasubiri, aliyeniuliza kwenye maoni kama nitafanya video ya mashine za kukaushia: ndiyo, ila siyo mwezi huu.

Haya, nafungua. Ona! Ngozi haijayeyuka, imekuwa utando. Navuta... inavutika kama ubani wa kutafuna. Ile ngozi inataka maji mengi yapite na kuichukua. Ikipata maji kidogo inalainika tu, inajibandika kwenye kitambaa, na maji yakiwa baridi ndiyo inachelewa zaidi. Fulana yangu ilikumbwa na hilo hasa: programu fupi ya nusu saa, maji baridi, mashine imejaa, kidonge juu.

Ukitaka kuvitumia, kidonge kinatangulia. Pipa likiwa tupu, kiweke nyuma kabisa, halafu nguo juu yake, na uache nafasi ya kupitisha kiganja kati ya nguo na dari ya pipa. Usikitie kwenye droo, kitanasa humo. Na ikishakutokea gundi, usikaushe wala kupiga pasi. Loweka kwenye maji ya vuguvugu bila sabuni, usugue kwa vidole, itaachia. Na viweke juu, mbali na watoto, maana kwa macho ya mtoto hiyo ni peremende.

Gharama sasa. Msiniulize bei, kila mtu ana duka lake. Chukua mizani ya jikoni. Boksi langu la unga ni kilo 3, na maelezo yanasema gramu 75 kwa mashine iliyojaa. Hiyo ni mifuo 40. Nikajipima nikiwa namimina kwa jicho, kama siku zote: gramu 110! Boksi lilelile linaniishia kwenye mfuo wa 27. Yaani mifuo 13 naitupa kwenye bomba la maji machafu. Ya maji ndiyo mbaya zaidi, maana kifuniko chake ni kikubwa na mstari wa kipimo umechorwa chini huko ambako huuoni. Ukijaza kifuniko mpaka juu umeweka mara mbili ya inayotakiwa.

Hapo watu wa vidonge wanasema: si ndiyo maana kidonge ni kizuri, kimepimwa tayari? Kweli, kwa anayemimina ovyo kidonge kinaweza kumwokolea. Lakini mimi leo nina fulana sita tu. Unga natia gramu 40, basi. Kidonge siwezi kukikata nusu. Kwa hiyo mfuo mdogo unalipa sawa na mfuo mkubwa, halafu povu linabaki kwenye nguo.

Na povu linalobaki ndilo linalonileta kwenye ngozi zenu. Wengi mnaniandikia mnawashwa kiunoni, kwapani, shingoni, pale nguo inapobana. Kabla ya kulaumu aina ya sabuni, fanya hivi: chukua taulo safi lililofuliwa, litie kwenye beseni la maji ya vuguvugu, likamue mara kumi. Povu likitokea au maji yakiteleza, una sabuni nyingi mno. Punguza, ongeza msuuzo mmoja. Kama bado unawashwa, soma lebo. Manukato ndiyo mshukiwa wa kwanza, kwa zote tatu. Sabuni za maji huwekewa pia dawa ya kuzuia zisiharibike, na mojawapo, imeandikwa methylisothiazolinone, inajulikana kwa kuleta mzio. Unga ni mkavu, hauihitaji. Hata hivyo unga ni mkali zaidi kwa mikono mitupu, na chembe zake zisipoyeyuka zinakwaruza. Upele ukiendelea, daktari wa ngozi ana kipimo cha kubandika mgongoni kinachotaja mkosaji kwa jina.

Kwa hiyo mimi? Nilianza video hii nikitaka kuwaambia ya maji imeshinda, na kwa maji baridi, nguo za rangi na mafuta ya kola, imeshinda kweli. Lakini haina kitu kimoja: dawa ya kung'arisha. Iliyomo kwenye unga wa nguo nyeupe ndiyo inayoondoa doa la chai, na inaamka vizuri kuanzia nyuzi 40 hivi. Ukifua kwa maji baridi na sabuni ya maji miezi yote, mashine yenyewe huanza kunuka. Vuta huu mpira wa mlangoni... mnaona huo utelezi mweusi? Huu ni wangu, sioni aibu. Ndiyo maana ninazo mbili: ya maji kila siku, na unga kwa taulo na mashuka, nyuzi 60, ambao unasafisha na pipa humohumo. Sufu na hariri hazimo kwenye hesabu hii, vimeng'enya vya sabuni hizi vinazila, zitafutie sabuni yake.

Vidonge vilivyobaki, kumi na moja, navimalizia kwenye mashuka, pipa tupu kwanza. Sinunui tena. Ngoja, mashine inalia huko nyuma, nadhani imemaliza msuuzo wa pili wa ile fulana. Twende tukaangalie... imetoka! Karibu yote. Bado kipande hapa kwenye mshono, inarudi kwenye beseni.