Madirisha na milango: mbao, chuma au alumini? Hesabu ya miaka 15, Dar na Dodoma

Ukiomba bei ya dirisha la futi 5 kwa 5 kwa mafundi watatu, utaletewa bei za vitu vitatu tofauti. Fundi alumini atataja fremu, vioo na wavu wa mbu, basi. Grili ya kuzuia mwizi haimo. Fundi wa kuchomelea atataja dirisha lenye nondo zake, lakini vioo mara nyingi vitakuwa juu yako. Seremala atataja mbao na kazi, halafu bawaba, komeo, vioo na vanishi vitakuja kimoja kimoja baadaye. Ndiyo maana watu wengi hudhani wamelinganisha bei kumbe hawajalinganisha chochote. Kwanza andika kwenye karatasi kila kinachotakiwa ili uwazi mmoja ukamilike: fremu, kioo, wavu, nondo, rangi na kufunga. Kisha mpe kila fundi karatasi ileile.

Tuchukue uwazi huo mmoja, futi 5 kwa 5, na tuufuate kwa miaka 15. Bei nitakazotumia ni za mfano, ili hesabu ionekane. Toa hizo, weka za fundi wako.

Tuseme alumini ya kuslaidi yenye kioo cha milimita 5 na wavu ni Sh 240,000, na grili ya ndani Sh 150,000. Jumla Sh 390,000. Dirisha la chuma la kufungua kwa bawaba, lenye nondo, vioo, wavu na rangi, tuseme Sh 280,000. La mninga lenye vioo na wavu Sh 350,000, nalo pia linataka grili, kwa hiyo Sh 500,000. Hiyo ndiyo bei ya siku ya kuhamia.

Sasa nyumba iwe Kigamboni, kwenye upepo wa bahari. Chuma pale kinataka kupigwa msasa na kupakwa rangi upya kila baada ya miaka 3 hivi, yaani mara 4 kabla ya mwaka wa 15. Kwa Sh 30,000 kila mara, dirisha limefika Sh 400,000. Alumini yenyewe haitaki rangi, ila grili yake inataka mara 2, tuseme Sh 15,000 kila mara kwa kuwa iko ndani, na vigurudumu na mpira vitabadilishwa mara moja kwa Sh 25,000. Jumla Sh 445,000. Mninga unaopigwa jua na mvua utaomba vanishi karibu kila miaka 2, mara 7 kwa Sh 20,000, ukiongeza na rangi ya grili unafika Sh 670,000.

Kwa hiyo chuma bado ni rahisi kuliko alumini, hata pwani? Kwa karatasi, ndiyo, kwa Sh 45,000. Lakini hesabu hiyo inadai uwe mtu wa kupaka rangi kwa wakati, miaka yote. Ukiruka zamu moja tu, kutu inaingia chini ya rangi. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inainua rangi, inabana kioo mpaka kinapasuka, na fremu iliyofukiwa ukutani inapasua lipu. Hapo humwiti fundi rangi tena, unamwita wa kuchomelea akate upande wa chini na kuunga mwingine. Najua wenye nyumba wachache sana wasioruka zamu, ndiyo maana kwa madirisha ya pwani naiweka alumini ya kwanza, chuma cha pili, mbao ya tatu.

Hamishia dirisha hilohilo Dodoma na mpangilio unageuka. Hewa ni kavu, chumvi hakuna, rangi ya chuma inaweza kukaa miaka 5. Unapaka mara 2, jumla Sh 340,000. Alumini inabaki kwenye Sh 430,000 hivi, na vumbi la kule halivipendi vigurudumu. Kwa mjenzi wa Dodoma, Singida au Tabora mwenye bajeti ya kubana, chuma ndicho cha kwanza, na wala asione haya.

Bei si kila kitu, hata hivyo. Dirisha la kuslaidi la vioo viwili halifunguki zaidi ya nusu. Uwazi wako una futi za mraba 25, lakini hewa inapita kwenye 12 na nusu tu. La bawaba, liwe la chuma, mbao au hata alumini, linafunguka lote. Kwa chumba cha kulala cha Dar mwezi wa Februari, umeme ukiwa umekatika, tofauti hiyo utaihisi. Alumini ya bawaba ipo, ni ghali kidogo, na inazuia mvua vizuri kuliko ya kuslaidi kwa sababu inabana kwenye mpira. Vyumbani ningeongeza hela kwa hiyo. Sebuleni na jikoni ya kuslaidi inatosha.

Alumini haishiki kutu kama chuma kwa sababu uso wake hujifunika wenyewe kwa utando mwembamba unaozuia hewa na maji. Lakini si kitu cha milele. Chumvi ya bahari inaweza kuichimba vitundu, na saruji mbichi inaiunguza na kuacha mabaka meupe ambayo hayatoki. Kwa hiyo alumini inafungwa baada ya lipu kukauka, si kabla, na vipimo vichukuliwe hapohapo, baada ya lipu. Fundi apime upana sehemu tatu, juu, katikati na chini, achukue ulio mdogo na apunguze milimita chache za kuchezea. Anayekata fremu kwa kusoma ramani atakuja kukujazia nafasi kwa silikoni nene, na ukiona silikoni pana kama kidole ujue kilichotokea.

Ubora wa alumini uko kwenye unene wa ukuta wa bomba lake. Omba kipande kilichokatwa, tazama upande wa ncha, pima. Chini ya milimita 1 ni nyepesi mno kwa dirisha kubwa, milimita 1.2 kwenda juu ndiyo ningeikubali. Dukani, sukuma kwa dole gumba ile nguzo ya katikati vioo vinapokutana. Ikibonyea na kurudi, upepo wa masika utaibonyeza pia. Angalia na skrubu: za chuma cha kawaida zitaoza ndani ya alumini na kuchuruzika kahawia ukutani. Dai za stenlesi.

Kisha kuna jaribio ambalo mafundi hawalipendi. Dirisha likishafungwa, mimina jagi la maji kwenye reli ya chini, polepole. Maji yanatakiwa yatokee nje kupitia vitundu vilivyotobolewa upande wa nje wa reli. Yakijaa na kumwagikia ndani, vitundu havikutobolewa au vimezibwa na silikoni. Kosa hili ni la kawaida mno, na ndilo linalowafanya watu waseme alumini inaingiza mvua. Kurekebisha ni kazi ya drili na dakika chache, ila ufanye fundi angali kwako.

Kwa chuma, kitu cha kuuliza ni geji, na hapa watu huchanganywa: namba ikiwa kubwa, bomba ni jembamba. Geji 16 ni kama milimita 1.5, geji 18 ni kama 1.2. Geji 20 waachie wengine. Kabla ya redoksaidi kupakwa, nenda karakana utazame maungio. Mafundi wengi huacha ule ugamba mweusi wa kuchomelea juu ya kiungo na kupaka rangi humohumo. Rangi haishiki pale, na kutu ya kwanza itaanzia hapo. Ugongwe kwa nyundo utoke, kiungo kipigwe brashi ya waya, ndipo ipakwe rangi. Geti au mlango wa bomba uwe na vitundu vidogo chini vya kutolea maji, la sivyo utaoza ukianzia ndani, wewe ukiona nje pazuri.

Kwa milango mbao inapanda. Mlango wa chumba haunyeshewi wala haupigwi jua, kwa hiyo adui wa vanishi hayupo. Topu ya mninga ya ndani inaweza kupita miaka 30 ikipakwa mara chache tu. Ndani ya nyumba mbao ndiyo ya kwanza bila ubishi, na kama bajeti ni ndogo, milango ya plaiwudi bapa inatosha vyumbani. Chooni na bafuni ndipo mbao inaposhindwa: inaoza chini, inchi 3 au 4 za mwisho. Hapo weka alumini, ukubali bawaba zake zitalegea mapema.

Mlango wa mbele, ningechukua mkongo au mninga, na mlango wa grili nje yake. Milango ya chuma iliyotengenezwa kiwandani, ile ya kuvutia yenye makufuli mengi, ikague kwanza. Igonge katikati. Mingi ni mabati mawili membamba yenye karatasi ya mtindo wa sega la nyuki katikati, na kitasa chake kikifa unaweza kuzunguka Kariakoo nzima usipate cha kufanana. Mlango wa chuma wa karakana, wa bati nene, ni mbaya wa sura lakini ndio wenye nguvu.

Mninga haujikunji sana ukikauka, na mchwa hauupendi, ndiyo sababu ya bei yake. Mkongo ni mzito na mgumu zaidi. Tatizo ni kwamba sifa hizo ni za moyo wa mti, si za ule ukingo mweupe wa nje. Seremala akipaka rangi ya kahawia juu ya ukingo huo huwezi kujua, mpaka dumuzi waanze kumwaga unga chini ya fremu. Kwa hiyo zione mbao zikiwa hazijapakwa kitu, na uzitazame zimekauka: mbao mbichi ni nzito isivyo kawaida na baridi ukiigusa, na topu yake itajikunja kabla mwaka haujaisha. Mtiki mchanga wa mashambani una weupe mwingi, uuangalie hivyohivyo. Fremu ya paina isiyotiwa dawa usiikubali mahali popote ukuta unapogusa ardhi yenye mchwa.

Kwa malipo, asilimia 60 ya kununulia mali inatosha kuanzia, 30 siku ya kufunga. Kumi zilizobaki zitoke baada ya jagi la maji, na baada ya kila topu kufungwa na kufunguliwa kwa kidole kimoja bila kukwaruza sakafu. Andika hivyo kwenye makubaliano, pamoja na geji, unene wa alumini na jina la mbao, mbele ya shahidi.